Kakwambia tu "niandikie hotuba": maswali ya kuuliza kabla hujaanza kutaipu

*"Shikamoo mwalimu. Nina stesheneri ndogo Ngamiani, nataipu, naprinti, na watu wameshazoea kuniletea hotuba, risala, hata insha niwaandikie. Juzi mzee mmoja muuza vifaa vya ujenzi kanitumia meseji: 'Binti niandikie hotuba nzuri ya mahafali kidato cha nne, mada elimu, naihitaji ijumaa.' Nikaandika kurasa nne. Jumatatu karudi kanuna, anasema alipofika ukurasa wa pili watu wakaanza kupiga soga, emsii akamfanyia ishara amalize, na kuna mahali wazazi walimcheka. Mtu akileta ombi bila kusema wanaosikiliza ni kina nani wala iwe ndefu kiasi gani, nimuulize nini? Na nimuulizeje asije akaniona sijui kazi? Nimekuambatanishia hotuba yenyewe na picha ya ratiba aliyonipa baadaye."*

Marahaba mwanangu. Hotuba nimeisoma yote na ratiba nimeiona. Kiswahili chako hakina shida kabisa, sentensi zimenyooka, makosa ya kutaipu sikuyaona, kwa hiyo usije ukakimbilia kununua kamusi ukidhani tatizo liko huko. Kilichomwangusha mzee wa watu ni mambo mawili ambayo hakukwambia na wala hakukuficha. Mtu akishaalikwa kuwa mgeni rasmi anauona uwanja wa shule kichwani mwake, anawaona wazazi chini ya turubai, anamjua mkuu wa shule, na vyote hivyo kwake viko wazi mno mpaka hafikirii kwamba wewe uliyekaa dukani huvioni. Anachojiona amepungukiwa ni maneno tu, basi anakuja kuomba maneno, na mada ndo kitu pekee anachodhani unahitaji kuambiwa. Wateja wako wote wataendelea kuleta maombi ya hivyo hivyo mpaka unafunga duka. Kuuliza ni sehemu ya kazi yako, sawa na kutaipu.

Tuanze na urefu maana ndo uliomuumbua mbele za watu. Kurasa zako nne za A4, fonti 12, mistari imebanana, nimezihesabu zina maneno kama 1,700 hivi. Mtu anayesoma karatasi kwenye maiki kwa Kiswahili, anapumua kwenye nukta, anasubiri makofi yatulie, anatafuta mstari aliopotea, mimi huwa namkadiria maneno 100 kwa dakika. Mzoefu atafika 120, mzee mwenye miwani ya kusomea na karatasi inayopeperushwa na upepo atashuka mpaka 80. Usichukue zile hesabu za watu wa Kiingereza za maneno 130 au 150, maneno yetu ni marefu, moja letu mara nyingi ni matatu au manne ya kwao. Sasa 1,700 gawa kwa 100, hapo mzee ulimpa dakika 17 za kusoma mfululizo.

Haya, ratiba inasemaje? Hotuba ya mgeni rasmi saa 6:40 mpaka saa 6:50 mchana, halafu kugawa vyeti. Ni dakika kumi, ila hizo kumi zenyewe si zako zote. Kutaja itifaki, yaani mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, diwani, walimu, wazazi, hapo dakika moja imeondoka. Mgeni rasmi wa mahafali asiyetoa ahadi sijamwona, na akitoa ahadi watu watapiga makofi, kinamama watapiga vigelegele, pengine mmoja atainuka kumtunza, weka dakika mbili. Halafu ratiba za shule karibu zote zinachelewa, ngoma ya wanafunzi imezidisha, risala imesomwa polepole, na anayekatwa muda siku zote ni yule wa mwisho kabla ya vyeti, yaani mgeni wako, toa dakika mbili tena. Zimebaki tano. Dakika tano ni maneno 500, na kwa fonti 14 na nafasi ya mstari mmoja na nusu, ambayo ndo naishauri kwa mtu yeyote aliyepita miaka 50, hizo ni kama kurasa mbili na nusu tu. Wewe ulimpa zaidi ya mara tatu yake.

Hapa nikwambie kitu kimoja ambacho huenda hujakifikiria. Wewe unachaji kwa ukurasa. Mteja naye anajua ametoa hela, kwa hiyo kurasa nne mkononi zinaonekana kama kapata haki yake, na wewe kurasa nne zinakulipa kuliko mbili, sasa nani hapo atauliza "jamani, mzee amepewa dakika ngapi?" Hakuna. Kwa hotuba na risala achana na bei ya ukurasa, chaji kazi nzima, kisha mwambie wazi kwamba bei ni ile ile ikiwa dakika tano au kumi. Fupi kwanza ndo inakula muda wako zaidi, na mteja akishaelewa hivyo hatakuuliza tena "mbona karatasi mbili tu?"

Sasa wasikilizaji. Mahali alipochekwa nimepaona, ni ukurasa wa pili juu kabisa, umeandika "nawaasa wazazi mlipe ada kwa wakati ili walimu wafanye kazi kwa moyo." Mwanangu, ratiba yenyewe inaonyesha ile ni sekondari ya serikali. Elimu bila malipo imeanza Januari 2016 kwa msingi mpaka kidato cha nne, na kidato cha tano na sita ada ikafutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Wazazi wa pale wanalia na michango ya chakula, na madaftari, na nauli ya daladala, halafu anasimama tajiri anawaambia walipe ada, si lazima wacheke? Ile sentensi ingefaa vizuri tu kwenye shule ya binafsi, tena mwenye shule angesimama kumpigia makofi. Ndo maana nasema wasikilizaji si suala la kupamba lugha, wanaamua lipi ni kweli na lipi ni kichekesho.

Kuna dalili nyingine ndani ya hotuba yako, hii hata wewe mwenyewe unaweza kuikagua kabla hujaprinti. Pitia kila mahali ulipoandika "ninyi" na kila ulipoandika "wao", "vijana wetu", "watoto hawa". Aya ya kwanza "ninyi" ni wahitimu, "ninyi mnaomaliza leo". Aya ya tatu wahitimu wamegeuka "vijana wa leo ambao hawapendi kusoma" na "ninyi" wamekuwa wazazi. Aya ya tano "ninyi" ni walimu. Aya ya sita unaiambia serikali, ambayo haikualikwa. Ukiona "ninyi" anahamahama hivyo, jua hukuamua mzee anaongea na nani, na aliyekaa pale chini anahisi, hata kama hawezi kukwambia kwa nini, anaona tu kama haongeleshwi yeye, ndo anamgeukia jirani kuuliza vyeti saa ngapi. Kuna kipimo kingine, toa jina la shule uweke la shule nyingine iliyoko Korogwe au Lushoto. Hotuba yako inaingia kote bila kuguswa neno. Hiyo ni ya kuanzia upya.

Chukua mfano wa jambo lile lile moja uone linavyogeuka. Wewe uliandika aya nzima kuhusu bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, kwamba ni fursa kwa vijana wa Tanga. Sawa, ni kweli bomba linaishia kwetu. Lakini ukimwambia mhitimu wa miaka 17, anachohitaji kusikia ni kitu cha kushika: kwenye miradi ya vile wanatakiwa watu wa kuchomelea, madereva wa mitambo, mafundi umeme wenye cheti, na cheti kinapatikana VETA hata kama matokeo yake hayakumpeleka kidato cha tano. Ukimwambia mzazi, jambo ni jingine kabisa, ni kwamba kumlipia mtoto kozi ya ufundi si kumtupa, kwa hiyo asimfungie ndani kwa aibu akipata daraja la nne. Ukiwaambia wote kwa pamoja unabaki na "bomba ni fursa, tuchangamkie fursa," na hiyo kila mtu ameshaisikia redioni.

Basi nimuulize nini, unasema. Mimi nakupa maswali matatu, na nakuomba usiongeze la nne mpaka haya yajibiwe. Kosa la wengi wakishashtuka ni kutengeneza fomu ya maswali kumi na tano, lengo la hotuba, ujumbe mkuu, mtindo, hisia, mteja anaiona kwenye wasap anaiacha na tiki mbili za bluu mpaka ijumaa asubuhi. Kipimo changu ni kimoja: kama jibu likiwa hivi au likiwa vile mimi nitaandika kitu kile kile, basi swali hilo silihitaji. "Lengo la hotuba ni nini?" atajibu "kuelimisha." Umepata nini hapo? "Unapenda lugha ya namna gani?" atajibu "nzuri." Majina ya itifaki nayo usimsumbue nayo mapema, acha mistari mitupu juu ya ukurasa, siku yenyewe atayapata kwa mshereheshaji, maana hata yeye hajui kama diwani atakuja.

La kwanza ni muda, na uliulize kwa dakika, tena usimuulize yeye anataka iwe ndefu kiasi gani, muulize amepewa dakika ngapi. Ukimuuliza anataka nini atakwambia "isiwe ndefu sana" au "ya kutosha," na "ya kutosha" ya muuza saruji huijui. Akisema hajui, mwombe picha ya ratiba au barua ya mwaliko. Hii mimi naipenda kuliko swali lolote, kwa sababu karatasi moja tu inakujibu vitu vitano, dakika, jina la shule, ya serikali au ya binafsi, nani anasoma kabla yake, nini kinafuata. Na mteja hajasikia kama umemuuliza kitu, umemwomba karatasi tu, mtu wa ofisi yoyote huomba karatasi.

La pili ni wasikilizaji, na hapa usiulize "wasikilizaji ni kina nani?" maana atajibu "watu wote, wazazi, wanafunzi, walimu." Jibu la "watu wote" lichukulie kama bado hujajibiwa. Muulize hivi: "Ukimaliza kuongea ungependa nani akafanye nini?" Mpe na machaguo kabisa, wanaomaliza au wazazi. Utashangaa, mtu aliyekwambia "mada elimu" ghafla anaanza kuongea vitu vya maana. Wafanyabiashara wana mengi ya kusema, ila wanadhani hotuba ni mahali pa kusema yale yanayosemwaga kwenye hotuba.

La tatu ni la mahafali hasa, na lenyewe watu wengi hulisahau: risala ya wahitimu inaomba nini, na yeye amepanga kuwajibu nini? Unajua mpangilio ulivyo, wahitimu wanasoma risala, mkuu wa shule anasoma taarifa, na mgeni rasmi anasimama kujibu. Shule imemwita muuza vifaa vya ujenzi, unadhani imemwita kwa sababu ya mawazo yake kuhusu elimu? Kuna vyoo, kuna uzio, kuna maabara haijaezekwa. Uwanja mzima unasubiri aya hiyo moja. Wewe hukuiweka, akalazimika kuisema kichwani mwisho wakati emsii ameshasimama. Ila kiasi cha ahadi usikiandike kwa kukisia hata siku moja, andika "mifuko ........ ya saruji" na nafasi ajaze mwenyewe kwa kalamu, watu hubadilisha mawazo njiani.

Kuhusu kuonekana hujui kazi. Anayeonekana hajui ni yule anayeuliza swali la wazi halafu anakaa kusubiri. Ukiuliza huku unaonyesha utafanya nini usipojibiwa, unaonekana fundi. Meseji yako ingekuwa hivi:

*"Shikamoo baba. Kazi ya hotuba nimeipokea, ijumaa saa nne itakuwa tayari. Naomba vitu vitatu ndo nianze. Kwanza picha ya ratiba au barua ya mwaliko. Pili, ungependa maneno yako yawaingie zaidi wanaomaliza au wazazi wao, na wakafanye nini? Tatu, shule imeomba nini na umepanga kuwasaidia nini, hata kama kiasi hutaki kukitaja sasa. Kama umebanwa nitumie voisi tu. Nisipopata jibu mpaka alhamisi mchana nitaandika ya dakika tano, kwa wazazi wa shule ya serikali, na sehemu ya ahadi naiacha wazi."*

Sentensi ya mwisho ndo yenye nguvu. Mteja aliyebanwa anaweza asijibu maswali, lakini akiona "shule ya serikali" na shule ni ya binafsi, atajibu dakika ile ile. Kumsahihisha mtu ni rahisi kuliko kujibu mtihani. Na asipojibu kabisa, andika ulivyosema, kisha weka juu ya karatasi, kwa kalamu ya risasi, "dakika 5, wazazi, serikali." Akija kulalamika mnaongea juu ya hiyo karatasi.

Kuna watu wanashauri uandike matoleo mawili, refu na fupi. Mimi siungi mkono sana, unafanya kazi mbili kwa hela moja na mteja atachagua refu. Wengine wanasema andika refu, atakata mwenyewe. Hapana kabisa. Kupunguza maneno 1,700 yabaki 500 huko ni kuandika hotuba nyingine, na mzee hawezi kuifanya amesimama kwenye maiki, anachofanya ni kusoma kutoka mwanzo mpaka atakaponyamazishwa, na ya maana uliyaweka mwisho. Kuongeza ni rahisi, dakika tano zikigeuka saba ataongea mwenyewe kidogo, atasalimia, atatania. Kwa hiyo muda usipojulikana kosea upande wa ufupi. Wasikilizaji wasipojulikana chagua kundi moja la kuitwa "ninyi" na ushikamane nalo mpaka mwisho, wengine wasalimie kwa sentensi moja moja. Unaweza ukawa umekosea kundi, lakini hata hivyo uwanja utasikia mtu anaongea na mtu.

Tuseme sasa ulituma ile meseji na mzee akarudisha voisi, anasema: "Wazazi binti, hawa watoto wakimaliza mtihani wanakaa tu, wengine wanaozwa, wengine wanapelekwa Dar kufanya kazi za ndani, matokeo yakitoka huwapati. Na shule wanataka kumalizia vyoo vya wasichana." Hapo una hotuba. Huhitaji tena "elimu ni ufunguo wa maisha," ambayo ndo sentensi yako ya kwanza ya sasa. Mtihani wa taifa unaanza Novemba, matokeo kwa kawaida yanatoka Januari, kidato cha tano kinaanza Julai, hesabu miezi hiyo uone ilivyo mingi, na ndo anayoiongelea mzee. Unaanza:

*"Wazazi wenzangu, mtihani ni Novemba. Ukiisha mtoto anarudi nyumbani kwako, na kama Mungu akipenda akachaguliwa, ataondoka tena Julai. Miezi zaidi ya saba hana mwalimu, ana wewe. Mimi leo naomba niongee na ninyi juu ya hiyo miezi."*

Maneno yako 36 hapo na "ninyi" ameshajulikana ni nani. Kisha maneno kama 200 juu ya nini kinatokea kwenye miezi hiyo na mzee mwenyewe anaomba nini kifanyike: binti asiozwe, asipelekwe mjini kabla matokeo hayajatoka, na kama kuna hela kidogo aanze kompyuta au kushona karibu na nyumbani, namba ya mtihani mzazi aiandike mahali asiipoteze. Maneno 100 kwa wahitimu, umewageukia wazi, "na ninyi mnaomaliza." Hapo "ninyi" amehama kwa makusudi na watu wameona amehama, haina shida. Maneno 80 kujibu risala, vyoo vya wasichana, mifuko nukta nukta nukta. Maneno 30 ya shukrani. Jumla haifiki 450, umebaki na hewa ya makofi. Aya moja ya katikati iwekee mabano ya kalamu pembeni, umwambie "baba ukiona muda umebana ruka hii," na uhakikishe ikirukwa sentensi inayofuata bado inaeleweka. Halafu na Shaaban Robert mwache apumzike. Najua ni wetu, kazaliwa Vibambani hapa hapa Tanga 1909, lakini umemtaja mara tatu katika kurasa nne na hakuna hata mara moja alipokuwa na kazi.

Kabla hujamkabidhi, soma kwa sauti, sauti ya uwanjani si ya kunong'ona, ukiwa na saa ya simu. Ukipata dakika nne wewe kijana, yeye atapata tano.

Umetaja na insha, niseme kwa ufupi tu. Kwa insha msikilizaji ni mtu mmoja anayesahihisha, na urefu umeshaandikwa mahali, kazi yako ni kuuona. Mtu akikwambia "kuna shindano la insha naomba unisaidie," usimuulize lolote, mwambie akutumie tangazo lenyewe, siyo maelezo yake ya tangazo. Mle mna idadi ya maneno, lugha, umri, na mara nyingi mna vigezo vya alama, ambavyo ndo vinakwambia msahihishaji anatafuta nini. Insha za shule zenye agizo la maneno 250 hadi 300 nazo wala usiziongezee chumvi, ukizidisha wanakata. Ila insha ya mwanafunzi ya kupewa alama usimwandikie wewe, mkalishe umsaidie kupanga hoja, ukimwandikia mwalimu wake atajua kwa sentensi ya pili tu.

Kuna kazi ambazo maswali matatu ya wasap hayatoshi na itabidi utoke dukani. Mteja ambaye hasomi vizuri, au macho yamechoka, nenda ukamsikilize akisoma ukurasa mmoja wa gazeti kwa dakika moja, hesabu maneno aliyofika, hiyo ndo namba yake, achana na 100 yangu. Wasifu wa marehemu usiandike kwa meseji hata kidogo. Wasikilizaji wa msibani ni familia yenyewe na wanajuana, kuna wake wawili, kuna mtoto wa nje, kuna ndugu hawasalimiani, na ukitaja mmoja ukaruka mwingine utakuwa umesababisha kesi juu ya kaburi. Kaa na mtu mzima aliyeteuliwa na familia, mpange majina kwa mdomo, akusomee tena, ndo uprinti. Na akija mtu anasema hotuba ni ya mkuu wa wilaya au kiongozi yeyote wa serikali, usipokee maelezo ya kupitia kwa dereva au shemeji, nenda ofisini kwake ukaonane na katibu wake au afisa habari, wao wana itifaki iliyoandikwa, wana ujumbe wa mwezi huo, na wana mtu wa kuisaini kabla haijasomwa. Wakikwambia wataiandika wenyewe, wewe taipu tu.